Waraka wa Maelekezo ya Tangazo: Lugha ya Afisa Masoko kwa Mchoraji katika Uuzaji wa Kinywaji cha Nanasi, Migori na Homa Bay

Miongoni mwa maandiko ya kazi ambayo wanaisimu wa Kiswahili hawajayashughulikia vya kutosha ni waraka ule mfupi ambao afisa masoko humwandikia mchoraji kabla ya tangazo kuchorwa. Ofisini waraka huo huitwa brifu, na aghalabu hauzidi kurasa mbili. Hausomwi na umma, hauhifadhiwi, na tangazo likishatoka hutupwa. Hata hivyo karibu kila kosa la lugha linaloonekana katika tangazo lilizaliwa humo, na ni shida kulisahihisha baada ya picha kukamilika.

Waraka wenyewe una historia fupi. Mwaka 1968 huko London, Stephen King wa kampuni ya J. Walter Thompson na Stanley Pollitt wa Boase Massimi Pollitt, kila mmoja kwa njia yake, walimweka kati ya mteja na wachoraji mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumsemea mlaji. Kutokana na kazi ya mtu huyo ndipo lilipokomaa andiko lenye sura inayojulikana leo: tangazo ni la nani, linatakiwa lifanye nini, liseme jambo gani moja, na kwa nini msikilizaji aliamini. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako kampuni ndogo hazina mtu wa namna hiyo, afisa masoko hushika nafasi zote mbili. Yeye ndiye mteja, na yeye ndiye msemaji wa mlaji.

Ili jambo hili lionekane waziwazi, makala haya yanafuata mfano mmoja uliotungwa kwa ajili ya maelezo. Kampuni ndogo inataka kuuza kinywaji kipya cha nanasi katika kaunti za Migori na Homa Bay. Chupa ni ya mililita 300, bei ni shilingi 50, na sehemu ya maji ya nanasi iliyomo ni asilimia 40. Kilichobaki ni maji, sukari na kiasi kidogo cha asidi ya limau. Matangazo yatawekwa Facebook na Instagram, na mchoraji yuko Kisumu. Rasimu ya kwanza ya afisa masoko ina sentensi hii kuu:

"Tengeneza matangazo ya kuvutia yatakayoonyesha kwamba juisi yetu ni bora, tamu, asilia, yenye afya na ya bei nafuu kwa watu wote wa Migori na Homa Bay."

Kisarufi sentensi hii haina ila. Kama maelekezo, hata hivyo, haimwelekezi mtu popote. Ina sifa tano zilizopangwa sambamba bila kutajwa iliyo kubwa, na mchoraji hawezi kuchora sifa tano katika picha inayotazamwa kwa kitambo cha kidole kupita juu ya kioo cha simu. Atachagua moja mwenyewe, na katika picha ya pili atachagua nyingine. Dalili ya waraka mbovu ni hiyo hasa: picha tatu nzuri zinarudi, kila moja ikisema neno lake, na afisa masoko anaanza kulaumu mkono wa mchoraji ilhali kosa limo katika vivumishi vyake mwenyewe.

Lakini neno lenye hatari kubwa zaidi katika sentensi hiyo si kivumishi. Ni nomino "juisi". Katika mazungumzo ya kila siku ya Kenya, juisi ni karibu kila kinywaji kitamu kisicho na gesi, kuanzia maji ya tunda lililokamuliwa sasa hivi hadi unga wa rangi uliokorogwa katika jagi. Matumizi hayo ni halali kabisa kama matumizi ya wasemaji, wala hakuna sababu ya mwanaisimu kuyakemea. Ila biashara ya vyakula ina istilahi zake. Kanuni ya Codex Alimentarius ya mwaka 2005 kuhusu juisi na nekta za matunda huitenga juisi, ambayo ni tunda tupu, na nekta, ambayo imeongezwa maji na inaweza kutiwa sukari. Kwa nekta ya nanasi kanuni hiyo inataka angalau asilimia 40 ya tunda. Kwa embe, ambalo maji yake ni mazito, asilimia 25. Kinywaji cha mfano wetu, basi, kinasimama ukingoni mwa nekta, na hakiwezi kuitwa juisi na mtu anayeijua istilahi hiyo. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 55, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu namna bidhaa ilivyo au ilivyotengenezwa. Mzungumzaji wa Rongo aitwaye mlaji ana haki ya kusema juisi. Kampuni inayomwuzia haina uhuru huo huo juu ya chupa yake.

Je, liitweje? Kiswahili kina utajiri ambao afisa masoko hakuukumbuka. "Maji ya matunda" ni wazi, lakini katika kichwa cha tangazo humfanya msomaji afikirie maji kwanza. "Sharubati", neno lenye asili ya Kiarabu, linataja hasa kinywaji cha tunda kilichotiwa maji na sukari, na kwa maana lingefaa kuliko yote. Upungufu wake ni wa mahali: masikioni mwa msomaji wa Ndhiwa au Awendo lina harufu ya pwani na ya karamu, na kinywaji cha shilingi 50 cha kunywewa kituo cha matatu kingevaa kanzu kisichoizoea. "Nekta" ni sahihi lakini hulijua msomaji wa lebo tu. Limebaki "kinywaji cha nanasi", lisilo na mbwembwe, linaloeleweka na kila mtu, na lisilodai zaidi ya kilichomo.

Badiliko hili la neno moja huzua tatizo ambalo mchoraji hana habari nalo. Rasimu ilikuwa na kichwa cha tangazo kilichosema: "Juisi baridi ya nanasi la Homa Bay sasa imefika Migori." Mchoraji akiambiwa kwa simu aondoe "juisi" aweke "kinywaji", atafanya hivyo hivyo, na tangazo litatoka likisema "Kinywaji baridi ya nanasi la Homa Bay sasa imefika Migori." Nomino imehama kutoka ngeli ya I-ZI kwenda ngeli ya KI-VI, na upatanisho haukuifuata. Ni lazima iwe "Kinywaji baridi cha nanasi la Homa Bay sasa kimefika Migori." Yanayobadilika ni maneno matatu, si moja, na sentensi inakua kutoka herufi 55 hadi 60, nafasi na kituo vikihesabiwa. Mchoraji aliyekwisha kuipangia mistari miwili sasa ana neno linaloning'inia katika mstari wa tatu, naye atalipunguza kwa kuyafinya maandishi au, vibaya zaidi, kwa kulikata neno mahali pasipo silabi. Kwa sababu hiyo agizo la kusahihisha lisitaje neno la kutoa na neno la kutia. Litaje sentensi nzima kama inavyotakiwa isomeke, iliyopigwa chapa tayari ili mchoraji ainakili bila kuiandika upya. Kanuni hiyo ndogo peke yake ingeondoa sehemu kubwa ya makosa ya upatanisho yanayoonekana katika mabango ya Kenya, ambayo wengi huyachukua kuwa ushahidi wa kudorora kwa lugha, kumbe ni ushahidi wa jinsi masahihisho yanavyopitishwa kutoka mkono hadi mkono.

Neno "baridi" nalo linahitaji kutazamwa. Kinywaji kinauzwa katika vibanda na vioski, na si kila kioski kina friji, wala si kila friji ina umeme saa nane mchana. Ubaridi si sifa ya chupa bali ni sifa ya duka, na kampuni haiwezi kuahidi kitu kilicho mikononi mwa mwingine. Neno hilo liliondolewa.

Sentensi moja iliyobaki baada ya mchujo huu, ile inayobeba tangazo zima, ni hii: "Hiki ni kinywaji cha nanasi lililolimwa Homa Bay." Inaonekana nyonge mbele ya vivumishi vitano. Nguvu yake ni kwamba mshindani aliyeleta unga wake kutoka mbali hawezi kuisema. Kipimo rahisi cha sentensi kuu ni hicho: jina la bidhaa likifunikwa kwa kidole, je, sentensi ingeweza kusimama chini ya chupa ya mwingine? "Tamu na bora" husimama chini ya chupa yoyote. Sentensi hii, maadamu ni kweli kwamba mananasi yote yanatoka huko, haisimami. Na kama katika msimu wa uhaba kampuni hununua mananasi kwingine, basi hata sentensi hii ni ya uongo kwa miezi hiyo, na afisa masoko anapaswa kuuliza kiwandani kabla ya kuiandika.

Sasa inakuja sehemu ambayo wanaisimu wanaweza kuifurahia zaidi, yaani jinsi picha inavyosema jambo ambalo maneno hayakulisema. Mchoraji aliyepewa sentensi hiyo atachora, kwa mazoea ya kazi yake, nanasi zima limepasuka na maji yake yakimiminika moja kwa moja ndani ya chupa hadi ikajaa. Picha ni nzuri, nayo inadai asilimia 100. Katika chupa ya mililita 300 maji ya nanasi ni mililita 120 tu. Hakuna neno la uongo lililoandikwa, na mtazamaji ameambiwa uongo.

H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki ya mazungumzo, alieleza jinsi msikilizaji anavyochota maana isiyotamkwa kwa kuamini kwamba msemaji anashirikiana naye. Matangazo ya vinywaji yametoa mfano wa jambo hilo ulio mzuri kuliko mingi ya vitabuni. Huko New Zealand kinywaji cha Ribena kilitangazwa kwa maneno kwamba karanti nyeusi zina vitamini C mara nne kuliko machungwa. Sentensi ilikuwa juu ya tunda. Msikilizaji aliielewa kuwa ni juu ya kinywaji, kwani kwa nini tena aambiwe habari za tunda na muuza kinywaji? Wasichana wawili wa shule waliokuwa wakifanya jaribio la sayansi mwaka 2004 walikipima wakaona vitamini hiyo haipo kwa kiasi kilichotajwa, na mwezi Machi 2007 mahakama ya Auckland iliitoza kampuni ya GlaxoSmithKline dola za New Zealand 217,500. Maana iliyodokezwa ilihesabiwa kuwa ni tamko.

Kwa waraka wa mfano wetu, somo hili linaingizwa kwa sentensi ya katazo iliyo wazi: nanasi lisionyeshwe likimiminika ndani ya chupa, nanasi likae kando ya chupa, na asilimia 40 iandikwe mahali panaposomeka. Kisha kabla ya tangazo kutolewa, picha ionyeshwe kwa watu wachache wasiohusika, kwa muda wa kuhesabu mbili, na waulizwe swali moja: "Hiki ni nini?" Wakijibu "juisi ya nanasi tupu", picha irudi kwa mchoraji hata kama kila neno ndani yake ni kweli.

Katazo hilo linaleta suala la hali za kitenzi. Rasimu nyingi zimejaa amri: weka chupa katikati, tumia manjano, ongeza ukubwa wa jina. Mchoraji anayeamrishwa hivyo huwa mkono tu, na afisa masoko hupata tangazo analoweza kulichora yeye mwenyewe, isipokuwa kwamba hajui kuchora. Upande mwingine kuna waraka unaoachia kila kitu ("fanya unavyoona"), ambao humrudishia mchoraji mzigo wa kukisia. Kiswahili kina njia ya kuyatenganisha mambo haya ndani ya kitenzi chenyewe. Yale yasiyojadiliwa huandikwa kwa hali ya amri: andika bei kama ilivyo, weka alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya kama ilivyo kwenye lebo, usibadili tahajia. Yale ambayo afisa masoko anataka yatokee, lakini njia yake ni ya mchoraji, huandikwa kwa hali tegemezi na mtendaji wake awe mtazamaji: mtazamaji ajue kabla ya kusoma kwamba tunda hili ni la karibu naye, aione bei bila kuitafuta, asidhani ni bidhaa ya dukani Nairobi. Mchoraji mwenye uzoefu akiona "mtazamaji ajue" hutambua mara moja kwamba hapo ameachiwa uwanja.

Kuhusu watu ambao tangazo ni lao, "watu wote wa Migori na Homa Bay" ni watu zaidi ya milioni mbili: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Kwa lugha, kaunti hizi mbili hazifanani. Homa Bay kwa sehemu kubwa huzungumza Kijaluo, pamoja na Wasuba wa Rusinga na Mfangano ambao wengi wao sasa hutumia Kijaluo pia. Migori ina Wajaluo, lakini upande wa mashariki, Kehancha na jirani zake, ni Wakuria, na mjini huchanganyika watu wa asili nyingi. Tangazo la Kijaluo lililopendwa Oyugis, likipelekwa Kehancha, humwambia msomaji kwamba kinywaji ni cha jirani. Kwa hiyo waraka uagize seti mbili: moja ya Kijaluo kwa Homa Bay na magharibi ya Migori, na moja ya Kiswahili kwa mji wa Migori, Kehancha na Isebania. Ile ya Kijaluo isiwe tafsiri. Neno "mit", kwa mfano, hukaribiana sana na "tamu" kwa jinsi linavyotaja utamu wa sukari na uzuri wa chochote kinachopendeza, lakini sentensi zinazolizunguka hazifuatani hatua kwa hatua na za Kiswahili, na mzungumzaji wa lugha hiyo ndiye aiandike tangu mwanzo kutokana na sentensi kuu, si kutokana na kichwa cha Kiswahili.

Isebania ina jambo lake. Mji huo umegusana na Sirari ya Tanzania, na tangazo linalolengwa kwa duara la kilometa kadhaa kuzunguka mji linaweza kuvuka mpaka. Ng'ambo, "Sh 50" ni shilingi nyingine, yenye thamani ndogo zaidi. Waraka uandike "KSh 50" kila mahali, na aliyepewa kazi ya kuliweka tangazo aondoe upande wa Tanzania ikiwa kinywaji hakiuzwi huko.

Vipimo vinatajwa mwishoni, kwa kuwa havibishaniwi. Picha ya mraba ni pikseli 1080 kwa 1080. Ya wima ya kawaida 1080 kwa 1350. Na ile inayojaza kioo cha simu 1080 kwa 1920. Katika hii ya tatu, maandishi ya programu yenyewe hufunika juu na chini, na ushauri wa kawaida ni kuacha wazi pikseli 250 za juu na 340 za chini, hivyo zinabaki 1330 za kuandikia. Maneno marefu ya Kiswahili huisikia dhiki hiyo kuliko ya Kiingereza, maana kitenzi kimoja hubeba kiima, njeo na yambwa na hakikubali kukatwa. Maelezo yanayowekwa juu ya picha huonekana kama herufi 125 kabla ya kukatizwa, kwa hiyo jambo la lazima liingie humo. Maelezo ya mfano wetu yaliandikwa hivi: "Kinywaji cha nanasi kutoka Homa Bay. Asilimia 40 ni maji ya nanasi. Chupa ya mililita 300 ni KSh 50 kwenye kioski cha mtaani." Ni herufi 125.

Limebaki la nyuso. Mchoraji akihitaji picha ya mkulima au ya mama wa kioski, atashawishika kuichukua popote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa taarifa yake binafsi, na mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Waraka useme ni nani atakayepigwa picha, nani atakayepata idhini yake kwa maandishi, na katika lugha gani idhini hiyo itaandikwa. Mkulima anayesoma Kijaluo akitiliwa mbele karatasi ya Kiingereza, sahihi yake haitoshi.